Uzi: Nimepanga kuacha kazi na milioni 150 za hatifungani. Nisaidieni kuutikisa huu mpango kabla haujanitikisa mimi

Kipato_Kimya (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 36, nimeajiriwa Dar kwenye kampuni binafsi. Mkononi ninapata milioni 2.25 kwa mwezi, natumia milioni 1.5, na laki saba na nusu naiweka. Mpaka sasa nina milioni 60, nyingi ziko kwenye hatifungani za miaka 20 na kidogo iko kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT.

Hesabu yangu ni nyepesi. Matumizi ni milioni 18 kwa mwaka. Nikichukulia riba ya asilimia 12, nikiwa na milioni 150 napata hiyohiyo milioni 18 bila kugusa mtaji. Kwa kasi ninayoenda nayo, sijafika hata miaka 42 nimeshafika. Baada ya hapo ofisini narudi kuchukua vyombo vyangu tu.

Mke wangu amesoma mpango akaniuliza swali moja: "Na mambo yakiharibika?" Nikakosa jibu. Ninajua Excel ya kujumlisha na kutoa. Nitafanyaje kuona mpango unabeba nini riba ikishuka, bei zikipanda au kazi ikikatika kabla sijafika?

Dafu_Bichi

Mkuu, mimi naomba kujua mnada wa miaka 20 ni lini na kima cha chini ni ngapi. Nina akaunti ya CDS tayari.

Mzee_wa_Daftari

Dafu, kima cha chini ni milioni moja, na kalenda ya minada iko kwenye tovuti ya BoT. Tusimwibie mwenzetu uzi.

Kipato, kijana wangu, mpango wako una tundu, na halihitaji janga lolote kuonekana. Kuponi ya hatifungani haipandi. Ukinunua kwa asilimia 12 utalipwa milioni 18 mwaka wa kwanza, na mwaka wa ishirini ni milioni 18 ileile. Mchele, nauli na ada ya shule havikusaini mkataba huo. "Bila kugusa mtaji" ni kweli kwa mwaka wa kwanza tu.

Tundu la pili ni hiyo asilimia 12 yenyewe. Mwaka 2022 kuponi mpya ya miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Aliyekuwa ameshanunua aliendelea kula 15.49 yake. Lakini aliyekuwa bado anakusanya, kwa matumizi kama yako, lengo lake lilitoka milioni 116 likaenda 149, na yeye hajakosea kitu.

Fungua jedwali jipya. Safu A ni mwaka, B salio la mwanzo, C mchango, D matumizi, E riba ya mwaka huo, F mfumuko wa bei wa mwaka huo, G salio la mwisho. Seli J1 andika mwaka utakaoacha kazi. Mstari wa 2 ndio mwaka wa kwanza: humo andika tarakimu zako mwenyewe, ila G2 ipe fomula ileile ya safu yake. Mstari wa 3 weka hivi, kisha uvute chini hadi mwaka wa 40:

```
A3: =A2+1
B3: =G2
C3: =C2*(1+F3)
D3: =D2*(1+F3)
G3: =(B3+IF(A3<$J$1,C3,-D3))*(1+E3)
```

Kama kompyuta yako inakataa alama ya mkato, weka nukta-mkato.

Angalia nilivyofanya kwenye E na F. Watu wengi huweka riba moja na mfumuko mmoja juu ya jedwali, basi. Ukifanya hivyo huwezi kuuliza "mwaka wa pili ukiwa mbaya je?" Kila mwaka upewe riba yake na mfumuko wake, hata kama kwa kuanzia vyote vinafanana.

Jaribio la kwanza: jifanye umeacha kazi leo. J1 iwe 1, B2 milioni 150, D2 milioni 18, E yote 12%, F yote 4%. Niambie fedha inaisha mwaka gani.

Kipato_Kimya

Mzee, nimefanya mara tatu nikidhani nimekosea. Mwaka wa 13 haitoshi! Yaani kwa hali ya kawaida kabisa, bila janga, nina miaka 12. Ningekuwa na miaka 54 au 55, watoto ndio kwanza wako chuo.

Msomi_Mtaani

Msitishane. Fomula ya Mzee inatoa matumizi ya mwaka mzima tarehe mosi Januari halafu ndiyo inahesabu riba. Nani anaishi hivyo? Kuponi inalipwa kila miezi sita, na matumizi yanatoka kidogokidogo. Halafu mfumuko wa bei Tanzania uko kwenye asilimia tatu na ushee siku hizi, nne umeitoa wapi? Mpango wa mleta uzi uko sawa, tatizo ni fomula.

Mzee_wa_Daftari

Msomi, la kwanza umesema kweli na nakubali. Nimechagua upande mkali makusudi. Ukitoa matumizi mwishoni mwa mwaka badala ya mwanzoni, milioni 150 zinafika mwaka wa 14. Ukweli uko katikati. Ila ona mwenyewe: umebishana na fomula, ukapata nyongeza ya miaka miwili kwa mtu anayehitaji thelathini.

La pili nakataa. Asilimia tatu ni ya sasa. Tulio wakubwa kidogo tunakumbuka Desemba 2011, mfumuko ulikuwa asilimia 19.8. Wastani wa mwaka 2011 ulikuwa 12.7, mwaka 2012 ukawa 16, mwaka 2013 ukawa 7.9. Hayo hayakutokea Zimbabwe, yametokea hapahapa, na kati ya mwaka huo na leo hata miaka 20 haijapita. Mpango wa miaka 30 lazima uulizwe: hiyo miaka mitatu ikirudi?

Kipato, kwanza tafuta mtaji unaobeba miaka 30 kwa hali ya kawaida. Nenda Data, kisha What-If Analysis, kisha Goal Seek. Iambie seli ya G ya mwaka wa 30 iwe sifuri kwa kubadilisha B2.

Kipato_Kimya

Imeleta milioni 224 na ushee. Nimeandika 225.

Mzee_wa_Daftari

Vizuri. Hiyo 225 ndiyo mpango wa kupigwa jiwe, ile 150 iache. Mawe ni mawili kwa sasa, na piga moja moja ili ujue lipi linauma.

La kwanza: E yote iwe 9%, mfumuko ubaki 4%. La pili: rudisha E kwenye 12%, halafu kwenye F weka 12.7%, 16% na 7.9% miaka ya 2, 3 na 4, inayobaki 4%. Ukimaliza hilo la pili, ihamishe miaka hiyohiyo mitatu uiweke mwaka wa 16, 17 na 18.

Mama_Wawili

Naomba kuingilia, kaka Kipato. Hiyo milioni 18 ina ada ndani? Maana mimi nilitengeneza kitu kama hiki mwaka juzi, nikaweka asilimia 4 kwa kila kitu. Shule ya wanangu imepandisha ada mara mbili tangu hapo, na kila mara haikuwa asilimia nne wala karibu yake. Nikagawa safu ya matumizi mara mbili, ada peke yake na mengine peke yake. Ada nikaipa asilimia 10 na nikaikatisha mwaka ambao mdogo anamaliza kidato cha sita.

Cha ajabu, matokeo kwangu yalikuwa afadhali, kwa sababu ada ina mwisho. Kwenye hesabu ya zamani nilikuwa nawalipia ada mpaka wana wajukuu.

Kipato_Kimya

Dada asante, ada imo, kama milioni 4. Nitaitenga kama ulivyofanya.

Majibu ya mawe, Mzee. Riba 9%: fedha inafika miaka 18. Mfumuko wa 2011 hadi 2013 mwanzoni: miaka 18 pia. Mfumuko uleule nikiuhamishia katikati: miaka 25.

Hili la mwisho silielewi. Ni miaka mitatu ileile, tarakimu zilezile, na riba haijaguswa. Kwa nini mwanzoni inaninyang'anya miaka 12 na katikati inaninyang'anya mitano?

Mzee_wa_Daftari

Tazama safu D. Kabla ya dhoruba ulikuwa unatoa milioni 18. Mwaka wa nne unatoa milioni 25.4. Bei zikishapanda hazirudi, mfumuko ukishuka maana yake zinapanda taratibu tu. Kwa hiyo dhoruba ya mwanzoni inapandisha matumizi ya miaka 27 inayofuata. Ya katikati inapandisha ya miaka 13 tu.

Halafu tazama safu G. Kwa hali ya kawaida salio lilitakiwa likue miaka ya mwanzo ili lije kuliwa baadaye. Dhoruba ikija mapema, salio linaganda kwenye milioni 239, linakosa kukua wakati ambapo kukua ndiko kunakohitajika. Ukiona safu G imeganda miaka mitatu mfululizo mwanzoni huku safu D inapanda, usisubiri sifuri ndiyo ujue. Sifuri itakuja mwaka wa 19, lakini ugonjwa umeingia mwaka wa 3.

Otieno_wa_Ziwani

Hamjambo ndugu zetu wa huko. Mimi niko Kisumu. Huku kwetu jiwe lililonigonga ni lile la riba. Katikati ya 2024 dhamana za serikali za siku 91 zilikuwa karibu asilimia 16, na nikaingiza 15 kwenye hesabu yangu kama vile ni sheria ya Musa. Kufikia 2025 zilikuwa zimeshuka chini ya 9. Mpango wote ulikuwa umesimama juu ya mwaka mmoja mzuri.

Wenzangu waliofungia ile hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024, ya asilimia 18.46, wanacheka hadi leo. Ila hiyo ni ya miaka minane na nusu, si thelathini. Ikiiva watarudi sokoni kama sisi wengine.

Swali langu: hiyo safu E, mtu aandike riba gani baada ya hatifungani kuiva? Mimi nimeandika 9 na mke wangu anasema mimi ni mtu wa kulia tu.

Msomi_Mtaani

Bro, kwa nini usiandike wastani wa miaka kumi?

Mzee_wa_Daftari

Wastani sawa kwa safu ya kawaida. Kwa safu ya jaribio hapana, maana wastani ndio unaojaribiwa. Mimi huchukua mfumuko niliouandika na kuongeza alama tatu au nne, basi. Lakini Otieno, sina jibu la uhakika, na atakayekupa jibu la uhakika muulize anauza nini.

Kipato_Kimya

Sasa nimeingia kwenye la kupoteza kazi. Kwanza kosa langu, wengine wasilirudie. Niliweka milioni 60 na mchango wa milioni 9, J1 nikaiweka mbali, nikaona salio linapita 225 mwaka wa 7. Nikafurahi. Kumbe 225 ni fedha ya leo! Mwaka huo wa 7, kwa mfumuko wa 4%, lengo lenyewe limeshakuwa milioni 296. Nimeongeza safu H ya lengo linalopanda na mfumuko, na salio linaikuta mwaka wa 9. Yaani miaka 45, kama kila kitu kikienda sawa.

Halafu nikajifukuzisha kazi mwaka wa 3, miezi 12. Kwenye C4 nikaandika `=-D4`, maana mwaka huo sichangii na ninakula akiba. Nikavuta chini, jedwali likaonyesha nimepoteza kazi milele, kwa sababu C5 ilikuwa inasoma C4. Nimeiandika C5 upya hivi:

```
C5: =C3*(1+F4)*(1+F5)
```

Jibu: badala ya mwaka wa 9 nafika mwaka wa 11. Kusema kweli nilitegemea mabaya zaidi.

Mzee_wa_Daftari

Hujamaliza. Umejirudisha kazini kwa mshahara uleule. Mtu aliyekaa nyumbani mwaka mzima anachukua kazi inayopatikana. Fanya mshahara mpya upungue sehemu moja ya sita tu, uwe milioni 1.875. Matumizi yako ni yaleyale milioni 1.5. Mchango unabaki kiasi gani?

Kipato_Kimya

375,000. Nusu!

Nimeweka. Mwaka wa 13. Kwa hiyo mwaka mzima wa kukaa bila kazi umenigharimu miaka miwili, na mshahara mdogo wa baadaye miwili mingine. Sikuwahi kufikiria hilo la pili kabisa.

Mama_Wawili

NSSF wana fao la kukosa ajira, usilisahau. Mimi nilipopunguzwa 2021 nilipata theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Lakini ni kwa aliyeachishwa. Ukiandika barua mwenyewe hulipati. Mwenzangu mmoja alisaini "kuondoka kwa makubaliano" bila kusoma vizuri, akabaki anashangaa dirishani.

Msomi_Mtaani

Ndiyo maana nasema mnajitisha. Ukikosa kazi unauza hatifungani soko la pili, unakula, maisha yanaendelea. Kuna shida gani?

Mzee_wa_Daftari

Unauza kwa bei gani, Msomi? Andika hii kwenye seli yoyote:

```
=-PV(15%/2,40,12.1/2,100)
```

Hiyo ni hatifungani ya miaka 20 yenye kuponi ya 12.10, unaiuza siku ambayo wanunuzi wanataka asilimia 15. Itakuletea 81.7. Kwa kila shilingi mia uliyoweka unapokea kama 82, kabla ya ada ya dalali. Tena hapo mnunuzi amepatikana. Soko letu si kama la samaki Feri, kuna wiki unasubiri.

Na mawe haya hupenda kutembea pamoja. Mfumuko ukipanda, riba za soko hupanda, bei ya hatifungani yako inashuka, na waajiri nao wanabana. Kwa hiyo jaribio la kukosa kazi, kama utauza, lifanye hivi: kila shilingi unayohitaji ule, toa 1.22. Au uwe na matumizi ya miezi 12 kwenye mfuko wa ukwasi, usiuze kitu. Hiyo nayo ina gharama yake, sehemu hiyo ya akiba ipe riba ndogo kwenye jedwali.

Dafu_Bichi

Mimi nimenunua za miaka 25 zote. Nimeishiwa pozi.

Mzee_wa_Daftari

Dafu, hujapoteza kitu mpaka ulazimike kuuza. Kinachoamua ni kama una cha kula bila kuuza.

Otieno_wa_Ziwani

Kipato, nyumba ya kupanga umeifikiria? Kodi angalau hupanda na bei za vitu. Mimi nimejenga vyumba vinne vya kupangisha, hesabu inanipa usingizi kuliko kuponi.

Mama_Wawili

Kaka Otieno, na mpangaji akikaa miezi minne halipi, hiyo nayo unaiweka safu gani? Mimi ninazo mbili. Nazipa miezi tisa kwa mwaka, si kumi na miwili, na kila mwaka wa tano paa.

Otieno_wa_Ziwani

Dada umenimaliza. Nilikuwa na kumi na miwili.

Kipato_Kimya

Wakuu, nimekaa na jedwali mpaka saa nane usiku. Nilimuuliza Goal Seek: nikitaka miaka 30 hata kama miaka ile mitatu ya 2011 inakuja mara tu nikiacha kazi, nihitaji ngapi? Imeleta milioni 274 kwa fedha ya leo. Kwa mchango wangu wa sasa, bila kupoteza kazi, ni mwaka wa 11.

Halafu nikajaribu kitu ambacho sikukipanga. Nimebaki na 225 na dhoruba mwanzoni, lakini miaka mitano ya kwanza nifanye kazi kidogo ya kuniingizia laki tano kwa mwezi, nayo ipande na bei. Badala ya miaka 18, fedha inafika 24. Laki tano tu! Kufunga vitabu vya hesabu vya maduka mawili Kariakoo kunaweza kuleta hiyo.

Mke wangu ameona majedwali yote mawili. Yeye anataka 274. Mimi nataka 225 na laki tano. Lakini ameniuliza tena swali la kwake: hizo laki tano, mwaka ambao bei zimepanda asilimia 16 na watu wanafunga maduka, nani atakuwa ananilipa?

Mzee_wa_Daftari

Mpe huyo mama nafasi kwenye uzi, amekuzidi. Weka laki tano kwa mwaka wa 1 na wa 5, katikati weka sifuri, utuletee jibu.

Kipato_Kimya

Niko kwenye daladala, nikifika nyumbani nafungua kompyuta.